Mhasibu hakuwepo Mlali

*Shikamoo mama. Niko Nkuhungu, Dodoma. Kampuni moja ya kukamua mafuta ya alizeti hapa mjini ilinipa kazi ya kuandika kitabu kidogo cha mwongozo kwa wakulima na kukipanga kurasa mpaka kiwe tayari kwa mchapaji. Tulikubaliana kwa barua pepe: shilingi 15,000 kwa saa, isizidi saa 60, nauli ya kwenda Mlali na Mvumi kuhoji wakulima juu yao. Nimetumia saa 71. Kwenye ankara yangu ya kwanza niliandika mstari mmoja: "Huduma ya uandishi, saa 71, jumla 1,065,000." Mhasibu ameirudisha, anasema haieleweki, na kwamba hata ikieleweka atakata asilimia 5. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Mimi nilikaa miaka tisa kwenye dawati la malipo kabla sijaanza kuwatunzia watu hesabu hapa Makole, na ankara za mstari mmoja nimezirudisha nyingi. Niliowarudishia walidhani nawabania. Ngoja nikuonyeshe huyo mhasibu anaona nini anapoishika ya kwako, maana ukishakaa kwenye kiti chake hutahitaji mtu akufundishe kuiandika.

Yeye hakuwepo Mlali wala Mvumi ulikokwenda kuhoji wakulima. Hakuona rasimu zako, na huenda hata kitabu chenyewe hajakishika. Anachofanya ni kuweka karatasi tatu pembeni mwa nyingine: ile inayosema kampuni iliagiza nini na kwa bei gani, ile inayosema kampuni imepokea nini, na ankara yako inayosema unadai nini. Zikisemezana, analipa. Moja ikisema jambo ambalo nyingine hazilijui, anasimama, kwa sababu mkaguzi wa hesabu akija mwakani atamuuliza yeye, hatakuuliza wewe.

Sasa iangalie ankara yako kwa macho hayo. Makubaliano yanasema kikomo ni saa 60, wewe unadai 71. Makubaliano yanasema kitabu, wewe umeandika "huduma ya uandishi", neno linaloweza kuwa barua, hotuba au tangazo la redio. Karatasi ya kupokea kazi haipo kabisa. Nauli mliyokubaliana hukuidai. Ukweli wa Mungu, ningeirudisha na mimi.

Tuanze na zile saa, kwa kuwa ndiko kwenye mgogoro. Chukua daftari lako uzigawe kwa kazi iliyofanyika, si kwa siku. Sijui mgawanyo wako halisi, kwa hiyo nitatumia mfano unaofika kwenye 71 ileile, nawe utaweka wa kwako. Tuseme kuhoji wakulima na kuyageuza mahojiano kuwa maandishi kulichukua saa 14. Rasimu ya kwanza saa 22. Kusahihisha baada ya maoni ya meneja saa 8. Kupanga kurasa 24 na kuandaa faili ya mchapaji saa 12. Hapo ni saa 56, uko ndani ya kikomo vizuri tu. Halafu, kama ilivyo kawaida ya kazi hizi, kitabu kimeshakabidhiwa ndipo meneja wa masoko anatuma ujumbe WhatsApp kwamba ile sura ya mbegu ibadilishwe yote, kampuni imeamua kuwashauri wakulima mbegu nyingine. Saa 9. Na zile 6 zilizobaki ni za wewe kukaa usiku ukitazama video, ukijifunza programu ya kupanga kurasa.

Hizi 6 za mwisho zifute. Najua zinauma, lakini kampuni ilinunua kitabu, haikununua masomo yako, na programu hiyo utaitumia kwa mteja wa pili na wa tatu. Kuna fundi mmoja aliwahi kuniletea hesabu yenye muda aliotumia kutafuta nyundo yake. Tulicheka ofisi nzima, na kuanzia siku hiyo kila mstari wake ulipekuliwa. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya kuweka saa za namna hiyo: zinamfanya msomaji azishuku na zile za halali.

Zile 9 za sura ya mbegu ni haki yako. Lakini ona zilivyokaa: 56 jumlisha 9 ni 65, kwa hiyo 4 ziko ndani ya kikomo na 5 ziko nje. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaziingiza tu kwenye ankara wakitumaini meneja aliyeziagiza atawatetea. Meneja akiulizwa na mhasibu bila kutarajia, mara nyingi husema "mh, sikumbuki kama tulizidisha," kwa sababu mbele ya mtu wa fedha hakuna anayependa kuonekana ndiye aliyevunja kikomo. Mpe nafasi ya kukubali kwanza, kwa maandishi, kabla ankara haijafika mezani kwa mwingine. Mwandikie barua pepe, usipige simu, na ijibie ileile ya makubaliano ili yote yakae kwenye mfululizo mmoja. Kitu kama hiki:

> Habari za kazi. Kitabu cha mwongozo nilikikabidhi tarehe 29 Septemba kikiwa kimetumia saa 56. Tarehe 2 Oktoba uliniomba niandike upya sura ya mbegu (ujumbe nimeuambatisha), kazi iliyochukua saa 9 na kukabidhiwa tarehe 6 Oktoba. Jumla ni saa 65, yaani 5 zaidi ya kikomo cha saa 60 tulichokubaliana. Naomba uthibitishe kuwa umepokea kazi yote na kwamba saa hizo 5 (shilingi 75,000) niziweke kwenye ankara.

Ona kwamba sijaomba radhi wala sijalalamika. Nimemwambia tarehe, nimemwambia nani aliagiza nini, nimemtajia fedha yenyewe ili asiwaze kwamba ni nyingi kuliko zilivyo. Na sentensi ya mwisho inafanya kazi mbili kwa mpigo: akijibu "sawa, nathibitisha", umepata ruhusa ya saa 5 na pia ile karatasi ya kupokea kazi iliyokuwa haipo. Hiyo barua ichapishe, inakwenda pamoja na ankara.

Akikataa je? Dai 60. Ila usizifiche zile 5. Weka saa 9 zote kwenye mstari wake, kisha chini yake andika "Punguzo: saa 5 zilizozidi kikomo" na utoe 75,000. Kampuni inalipa 900,000 ya saa 60, lakini karatasi inabaki ikisema kwamba kazi ilikuwa ya saa 65. Mwakani wakikuita kwa kitabu cha karanga au mtama, utakapotaja saa 70 tangu mwanzo una ushahidi mkononi. Na kuanzia kazi hiyo ijayo, ujumbe wa kubadilisha kitu ukifika baada ya kukabidhi, jibu kabla hujashika kalamu: "Sawa, itachukua kama saa 9, tutapita kikomo kwa 5, niendelee?" Ungefanya hivyo tarehe 2, leo tusingekuwa tunaandikiana.

Kuna mtego mwingine kwenye saa ambao ni wetu sisi tunaoandika Kiswahili. Ukiandika "saa 3" kwenye karatasi, msomaji anaweza kuelewa muda wa saa tatu, au saa tatu asubuhi. Nimewahi kuona karatasi ya mtu imeandikwa "saa 2 – saa 6, mahojiano", na mhasibu aliyezoea saa za kompyuta akasoma kwamba jamaa alihoji watu tangu saa nane usiku mpaka alfajiri. Kwa hiyo kwenye karatasi ya saa weka safu yenye kichwa "Idadi ya saa" na ndani yake namba tupu. Saa za ukutani, za kuanza na kumaliza, hazihitajiki mpaka mteja azitake. Na akizitaka, ziandike za kompyuta, 08:00 hadi 12:00, usichanganye mifumo miwili kwenye karatasi moja.

Na nusu saa ni 0.5. Nalisema hili kwa sababu nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu mara zisizo na hesabu. Saa tatu na nusu watu huandika 3.30 kama inavyoonekana kwenye simu, kisha wanaizidisha kwenye kikokotoo: 3.30 mara 15,000 inatoka 49,500. Haki yako ni 3.5 mara 15,000, yaani 52,500. Umejipunja 3,000 kwa mstari mmoja. Ukijumlisha nako ndio balaa: saa tatu na nusu, na saa mbili na robo tatu, kikokotoo kikipewa 3.30 na 2.45 kinatoa 5.75, wakati muda wa kweli ni saa sita na robo, 6.25. Robo ni 0.25, nusu 0.5, robo tatu 0.75. Dakika zisizofika robo usihangaike nazo. Chagua kukadiria kwa robo saa iliyo karibu na ufanye hivyo siku zote.

Sasa maneno ya kwenye mistari. Kila mstari wa ankara uwe na kitu ambacho mtu anaweza kukishika au kukifungua, tarehe kilipokabidhiwa, idadi ya saa, na fedha. "Uandishi" hakishikiki. "Rasimu ya kwanza ya kitabu, imetumwa kwa barua pepe 18 Septemba" kinashikika: mhasibu akiwa na shaka anamuuliza meneja swali moja tu, "ulipokea rasimu tarehe 18?", na jibu lake ni ndiyo au hapana. Kanuni ninayowapa wateja wangu ni hii: soma mstari wako, kisha jiulize ni swali gani mtu asiyekujua atamuuliza meneja. Kama swali hilo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana, mstari haujakamilika.

Lakini usizidishe. Kuna wanaoleta ankara ya kurasa tano yenye kila siku na kila saa, "Jumatatu, kusoma maoni, saa 0.25". Hiyo ni karatasi ya saa, na mahali pake ni kiambatisho. Ankara yenyewe ikae ukurasa mmoja. Namba za saa kwenye ankara zinatakiwa zilingane na jumla za kwenye kiambatisho mstari kwa mstari, kwa hiyo kwenye karatasi ya saa kila siku iandikie ni ya mstari wa ngapi. Kwa mfano: "8 Septemba; mahojiano na wakulima 6, Mlali; idadi ya saa 5; mstari 1." Mtu akitaka kuhakikisha zile 14 anajumlisha zenye 1 pembeni, basi.

Ya kwako ingekaa hivi, kwa namba za mfano wetu na ikiwa meneja amekubali:

> ANKARA
> Namba: 001/2025
> Tarehe: 9 Oktoba 2025
>
> Kutoka: (jina lako kamili kama lilivyo kwenye TIN), Nkuhungu, Dodoma. Simu. TIN.
> Kwenda: (jina la kampuni kama lilivyosajiliwa), S.L.P., Dodoma. TIN ya kampuni.
> Rejea: makubaliano kwa barua pepe na Meneja Masoko, 1 Septemba 2025, nyongeza ya saa 5 imekubaliwa kwa barua pepe, 8 Oktoba 2025.
> Kazi: kitabu cha mwongozo kwa wakulima wa alizeti, kurasa 24. Kiwango: shilingi 15,000 kwa saa.
>
> 1. Mahojiano na wakulima Mlali na Mvumi, na maandishi yake. Yamekabidhiwa 12 Septemba. Saa 14: 210,000
> 2. Rasimu ya kwanza ya kitabu. Imekabidhiwa 18 Septemba. Saa 22: 330,000
> 3. Rasimu iliyosahihishwa kwa maoni ya Meneja Masoko; imekabidhiwa 24 Septemba. Saa 8: 120,000
> 4. Kurasa 24 zilizopangwa na faili ya PDF ya mchapaji. Imekabidhiwa 29 Septemba. Saa 12: 180,000
> 5. Sura ya mbegu kuandikwa upya kwa maombi ya 2 Oktoba, na PDF mpya. Imekabidhiwa 6 Oktoba. Saa 9: 135,000
>
> Jumla ya huduma, saa 65: 975,000
> Nauli, Dodoma–Mlali na Dodoma–Mvumi, kwenda na kurudi (tiketi zimeambatishwa): 38,000
> Jumla ya kulipwa kabla ya kodi ya zuio: shilingi 1,013,000
>
> Malipo: ndani ya siku 30 tangu kupokelewa. Benki, tawi, jina la akaunti, namba ya akaunti.
> Viambatisho: karatasi ya saa, barua pepe za makubaliano na za kupokea kazi, tiketi.

Nauli nimeitenga kwa makusudi. Ile si malipo ya kazi yako, ni fedha uliyoitanguliza wewe kwa niaba ya kampuni, na tiketi inathibitisha. Ukiichanganya na huduma, mhasibu hana namna ya kuijua, ataikata kodi pamoja na jasho lako. Kama tiketi zimepotea mwambie meneja mapema. Usibuni.

Kodi ya zuio yenyewe isikutishe. Kampuni inapomlipa mtu kwa huduma inatakiwa kuzuia sehemu na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ni kodi yako ya mapato iliyotangulizwa, na utakapofanya ritani ya mwaka inahesabiwa kuwa umeshalipa. Kwa asilimia 5 aliyokutajia, anakata 48,750 kwenye ile 975,000. Wewe usiikate mwenyewe kwenye ankara. Nimewaona wanaoandika 926,250 wakidhani wanamsaidia mhasibu, naye akaikata tena asilimia 5 juu yake, akiwa na haki zote, kwa kuwa aliyopewa ndiyo jumla. Andika kamili, umwachie akate. Na kiwango chenyewe usikikariri. Sheria ya fedha hupita hapahapa Dodoma, bungeni, kila Juni, na viwango huweza kubadilika Julai Mosi ikiingia. Muulize mhasibu kabla ya kila kazi, hachoki.

VAT usiiweke. Kama hujasajiliwa na huna namba ya VAT, kudai asilimia 18 ni kukusanya kodi usiyoruhusiwa kuikusanya, na mhasibu makini atairudisha ankara kwa hilo tu.

TIN yako iangalie vizuri. Vijana wengi waliipata walipokuwa wakitafuta leseni ya udereva, na ile imesajiliwa kuwa si ya biashara. Kwa kazi hizi unaihuisha TRA iwe ya biashara. Ukienda kwa hilo, waulize pia kuhusu risiti ya EFD, kwa maana kampuni itaitaka. Ankara ni kudai na risiti ni kukiri umelipwa, na mhasibu bila risiti inayotambulika na TRA ana shida ya kuonyesha kwamba gharama ile ilitokea. Afadhali umuulize leo "mtahitaji risiti ya namna gani?" kuliko fedha ikwame ukiwa tayari umeshaipangia ada ya mdogo wako.

Jina nalo liwe moja kote: kwenye TIN, kwenye ankara, kwenye akaunti ya benki. Kama umejipa jina la biashara lakini hujalisajili BRELA, liweke kando kwa sasa, tumia la kwako. Malipo mengi niliyoyaona yakirudi kutoka benki hayakurudi kwa sababu ya namba ya akaunti. Yalirudi kwa sababu ankara ilisema hivi na akaunti ikasema vile.

Namba ya ankara inaonekana kitu kidogo. Mimi mwenyewe iliniponza, tena nikiwa nimeshatoka kwenye dawati la malipo na nilipaswa kujua. Nilimpelekea mteja wangu wa kwanza ankara isiyo na namba. Wiki mbili kimya, nikaituma tena, na safari hii nikaibadilisha tarehe ili ionekane mpya. Kule ndani wakawa na ankara mbili za fedha ileile, tarehe tofauti, hakuna namba ya kuonyesha kwamba ni moja. Wakazisimamisha zote wakihofia kulipa mara mbili. Nilikuja kulipwa baada ya wiki sita na maswali mengi. Kwa hiyo weka namba, na ukiituma tena itume ileile, namba ileile, tarehe ileile, na uandike kwenye barua pepe "nakala ya ankara 001/2025 niliyotuma tarehe 9". Hii uliyorudishiwa nayo, kama ilikuwa na namba, mwandikie kwamba umeifuta na hii mpya inachukua nafasi yake. Na usianzie 047 ili uonekane mzoefu. Siku TRA wakitaka kuziona zile 46 za mwanzo utazitoa wapi?

Ipeleke PDF kwa mhasibu na nakala kwa meneja, na muulize mhasibu siku yao ya kulipa. Kule nilikokuwa, ankara iliyofika baada ya tarehe 25 ilisubiri mwezi mwingine hata kama haina kosa, na hakuna aliyewahi kuwaambia watu wa nje.

Fedha ikiingia, iangalie kwa shilingi. Kwa hesabu yetu unatakiwa kuona 964,250, yaani 1,013,000 toa 48,750. Ukiona 962,350, wamekata asilimia 5 kwenye yote, nauli ikiwemo; tofauti ni 1,900, na dawa yake ni barua pepe fupi kwa mhasibu ikitaja ule mstari wa nauli na tiketi. Yoyote kati ya hizo mbili, omba cheti cha kodi ya zuio, hakikisha kina TIN yako na kiasi kilekile walichokukata, ukiweke kwenye faili pamoja na ankara 001. Kisipofika ndani ya mwezi unaofuata, kumbusha.